Sumu niliyotupa darini ilivyomfikia mbwa wangu na bundi wa mwembeni

Asubuhi ile Popi hakuja mlangoni. Nilimkuta amelala nyuma ya banda la kuku, anahema harakaharaka kama mbwa aliyetoka kukimbia, na nilipomwita alitikisa mkia bila kuinua kichwa. Nikamfunua mdomo. Fizi ambazo siku zote ni nyekundu zilikuwa nyeupe kama chaki. Nilipompindua taratibu nikaona, pale tumboni penye manyoya machache, vilio la damu jeusi lenye ukubwa wa kiganja. Hakuwa amegongwa na kitu chochote.

Siku 12 nyuma nilikuwa nimetega sumu ya panya. Tunaishi pembeni mwa mji wa Morogoro, na mwaka ule tulivuna mahindi vizuri, tukayaweka kwenye viroba ndani ya stoo. Panya walitutesa. Usiku darini palikuwa na mbio, viroba vilitobolewa pembeni, na asubuhi sakafu ilijaa vinyesi. Nikanunua vitonge vya buluu vya nta, nikapanda ngazi na kutupa vitonge 30 darini, huku na kule, vikiwa wazi. Siku ya nne panya wakaanza kushuka mchana kweupe, wakiyumba, hawakimbii hata ukiwasogelea. Nilifurahi. Niliowakuta wamekufa niliwatupa kwenye shimo la taka nyuma ya banda. Popi alipenda kushinda kule nyuma, nami sikujiuliza anafuata nini.

Jambo la kwanza daktari wa mifugo alilouliza ni pakiti. Alitaka kujua jina la kiambato kilichoandikwa pale, maana tiba inategemea hilo. Bahati nzuri sikuwa nimeitupa. Iliandikwa brodifakumu, asilimia 0.005. Akachukua damu kidogo kwenye kichupa cha kioo kisicho na dawa ndani, akanipa nikishike kiganjani kipate joto. Damu ya mbwa mzima, alisema, huganda ndani ya dakika 10 hivi. Nilikuwa nakiinamisha kila baada ya dakika moja. Dakika ya 20 damu ilikuwa bado inatiririka ndani ya kichupa kama maji ya rangi.

Tukiwa tunasubiri alinieleza, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Sumu za kundi hili huzuia ini kuitumia tena vitamini hiyo. Lakini vigandishi vilivyokwisha kutengenezwa vinaendelea kuwamo kwenye damu siku kadhaa, kwa hiyo mnyama aliyekula leo anaonekana mzima leo, kesho na keshokutwa. Vikiisha, anaanza kuvuja ndani kwa ndani, kifuani, tumboni, kwenye viungo. Ndiyo maana watu wengi hawaunganishi kifo cha mbwa na sumu. Sumu imetegwa wiki iliyopita, mbwa ameugua leo, wanasema ni kupe au amelogwa.

Kuchelewa huko ndiko pia kunakomgeuza panya kuwa kifurushi cha sumu. Kitonge kimoja cha gramu 20 kina miligramu 1 ya brodifakumu. Panya mwenye gramu 200 anaweza kufa kwa kula gramu moja na nusu hivi ya chambo. Lakini kwa kuwa hasikii maumivu, anarudi usiku wa pili na wa tatu, na kwa usiku mmoja anaweza kula hata gramu 20. Anapoanguka amebeba mwilini mara nyingi zaidi ya kile kilichohitajika kumuua, na sehemu kubwa imejikusanya kwenye ini, ambako brodifakumu hukaa kwa miezi. Anayemla anaimeza yote. Mbwa wengine hufa kwa robo miligramu tu kwa kila kilo ya uzito, na Popi ana kilo 15. Panya wachache walioshiba sumu, kwa siku kadhaa mfululizo, wanatosha. Daktari hakuondoa uwezekano kwamba alikula pia kitonge kizima, kwa sababu panya hubeba vitonge vilivyo wazi na kuviangusha popote. Nilipopanda darini baadaye nilihesabu vitonge 11. Vingine vyote vilikuwa vimeondoka, na viwili nilivikuta uani, chini ya ngazi ambayo mwanangu huchezea.

Popi alichomwa vitamini K1 chini ya ngozi kwa sindano nyembamba, kwani kumchoma kwenye msuli wakati damu haigandi kungemletea uvimbe mwingine wa damu. Kwa kuwa vitamini hiyo huchukua saa kadhaa kabla ya kuanza kufanya kazi, aliongezewa damu ya mbwa mwingine. Kisha vidonge kila siku kwa wiki nne, nikimpa pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta havifyonzwi vizuri. Na lazima iwe K1. Ile K3 inayochanganywa kwenye vyakula vya mifugo haifai kwa tiba hii. Maziwa, mkaa wa jikoni na maji ya chumvi ambavyo majirani walinishauri havirudishi vigandishi vilivyokwisha, na chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa.

Wiki ya pili Popi alikuwa anarukaruka, na hapo ndipo mtu hushawishika kuacha dawa. Sumu bado imo kwenye ini. Tulimaliza wiki nne, tukasubiri siku mbili bila kidonge, ndipo damu ikapimwa tena. Iliganda. Paka wetu naye alipimwa. Paka anastahimili sumu hii kuliko mbwa, ila naye hukamata panya wale wanyonge kila siku na kuwala na maini yao, na damu yake ilikuwa inachelewa kuganda. Naye alipewa vidonge.

Bundi hakupata nafasi hiyo. Siku nne kabla Popi hajaugua nilikuwa nimemwokota chini ya mwembe, yule mwenye uso mweupe, amelala kifudifudi, mabawa yametanuka. Hakuwa na jeraha, ila damu kidogo puani. Jirani yangu Mama Asha alichungulia kwenye uzio akasema, "Mshukuru Mungu, Baba Neema, huyo si ndege wa heri." Nami nikanyamaza, nikamfukia. Nilipotoka kwa daktari ndipo nilipokwenda chini ya mwembe ule na kuokota vile vidonge vyeusi vya manyoya anavyotapika bundi. Nilikichambua kimoja kwa kijiti. Ndani mlikuwa na mafuvu matatu ya panya, na meno yao ya njano bado yamo. Mlo mmoja ule. Miaka yote ile alikuwa akifanya kazi niliyokwenda kuinunulia sumu, nami nikamuua kwa wale wale aliokuwa akinipunguzia.

Panya hawakuwa wamekwisha, kwa hiyo ilibidi nianze upya. Safari hii nilianza na chakula. Mahindi yaliingia kwenye mapipa ya chuma yenye vifuniko, na pumba za kuku zikawekwa ndani ya pipa dogo. Kisha nikaziba. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6, basi nilinunua wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko hayo, nikauweka pale bati linapokutana na ukuta. Kazi ilichukua siku tatu, na ndiyo iliyonisaidia kuliko nyingine zote, kwani panya aliyeuawa bila tundu kuzibwa, nafasi yake inachukuliwa na mwingine.

Waliobaki ndani niliwakamata kwa mitego ya kubana. Kosa langu la zamani lilikuwa kuweka mtego mmoja katikati ya sakafu. Panya hutembea akigusa ukuta, kwa hiyo mtego unakaa umeelekea ukutani, upande wa chambo ukigusa ukuta. Niliweka 12 kwa mpigo, nikazipaka siagi ya karanga na dagaa, na siku mbili za kwanza sikuzitega, ili wazoee kula pale. Usiku wa tatu nilizitega zote. Asubuhi kulikuwa na panya saba, na hakuna aliyebeba sumu.

Kwenye stoo peke yake ndiko nilikotumia chambo tena, kwa sababu huko walikuwa wamechimba chini ya sakafu na mitego haikuwamaliza. Nilikata mabomba ya plastiki ya inchi 3, urefu wa sentimita 60, nikapitisha waya katikati na kufunga kitonge kimoja kimoja, ili panya atafune pale pale na asiweze kukibeba. Mabomba nikayafunga kwa vibanio ukutani, na mlango wa stoo ukafungwa kwa kufuli. Idadi ya vitonge niliiandika kwa chaki nyuma ya mlango. Siku tatu za mwanzo havikuguswa kabisa. Panya wakubwa huogopa kitu kigeni, usihamishe.

Kila asubuhi na jioni nilizunguka stoo na ua nikiwa na glavu na ndoo, kutafuta mizoga na panya wanaoyumba. Niliwazika kwenye shimo la zaidi ya nusu mita, nikashindilia udongo na kuweka jiwe juu, maana mbwa hufukua. Popi alikaa kwenye kamba na paka ndani ya nyumba kwa muda wote huo, na siku kadhaa baada ya kuondoa chambo. Kuku nao walifungiwa. Siku ya 19 chambo hakikuwa kimeliwa usiku nne mfululizo. Nilitoa vitonge vyote, nikahesabu na kulinganisha na chaki. Kuacha chambo kikae tu mwaka mzima "kwa tahadhari" ni kuwalisha bundi sumu kidogo kidogo.

Unga mweusi usio na pakiti unaouzwa mitaani sikuugusa. Ukiwa ni zinki fosfaidi, hutoa gesi tumboni, huua kwa saa chache na hauna dawa ya kuuzima kama vitamini K1 inavyofanya kwa vitonge. Na usipojua ni kitu gani, daktari hana pa kuanzia, awe wa mbwa au wa mtoto.

Kilichobaki ni uzio. Panya wa Mama Asha hula kwake na kufia kwangu. Nilimpelekea lile fuvu la panya na kijiti, nikamweleza habari za bundi, akasikiliza hadi mwisho bila kusema kitu. Msimu uliofuata alibisha hodi jioni moja: "Baba Neema, kesho natega stoo. Mfungie Popi." Nikampa mabomba mawili yaliyobaki na waya.