Msumari uliopita kwenye kiatu, na kipande cha soksi kilichobaki mguuni

Tulikuwa tunabomoa nyumba ya mbao ya shemeji yangu pale Majengo, Goma, ili tuijenge upya kwa matofali. Mbao zake zilikuwa za zamani, zimeoza pembeni, na misumari bado imesimama ndani yake. Nilirudi nyuma hatua moja kumpisha mtu aliyebeba bati, nikakanyaga. Nilikuwa nimevaa basketi za mitumba zenye soli nene ya sponji, na msumari ulipita soli yote, ukapita soksi, ukaingia chini ya kidole cha pili, pale tunapotegemezea uzito tukitembea. Niliinua mguu na ubao ukainuka nao.

Msumari ulitoka mzima nilipouvuta. Ungekuwa umezama sana au umekatikia ndani, ningeuacha hivyo hivyo mpaka kwa daktari. Damu ilikuwa kidogo tu, matone kama matano, na tundu lenyewe dogo kuliko punje ya mtama. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Mkato mpana unatoka damu, unajisafisha na unapata hewa. Tundu la msumari linajifunga juu upesi, na uchafu wote ulioingia unabaki chini gizani.

Mzee jirani alikuja na jiwe mkononi. “Papa Amani, tupige hapo kidogo, damu mbaya itoke, kisha tutonyeze mawese ya moto.” Ninamheshimu sana mzee yule, na najua alivyoona baba zake wakifanya. Nilimjibu kwa upole: “Papa, acha kwanza nioshe.” Kupiga kunaponda nyama, mafuta ya moto yanaiunguza, na nyama iliyokufa bila hewa ndiyo nyumba anayoipenda mdudu wa pepopunda.

Nilinawa mikono kwa sabuni. Mwanangu akainamisha bidoni ya maji safi ya kunywa, maji yakawa yanatiririka juu ya mguu bila kukoma, nami nikisugua ngozi ya pembeni kwa sabuni, kama dakika kumi hivi. Sikuingiza kijiti wala pamba ndani ya tundu, kwa sababu kuchokonoa kunasukuma uchafu mbele zaidi. Nilikausha kwa kitambaa kilichofuliwa, nikafunika kwa bendeji bila kukaza, nikapanda motari kwenda kituo cha afya mchana uleule.

Muuguzi, mama wa makamo, aliniuliza: “Papa, sindano ya mwisho ya pepopunda ulichoma lini?” Sikuwa na jibu. Mke wangu ana karatasi yake ya VAT, yaani chanjo ya pepopunda, sindano zote zimeandikwa, kwa sababu alichomwa kila mimba alipokwenda kliniki ya wajawazito. Mimi labda nilichomwa nikiwa mtoto mchanga, labda sikuchomwa. Mama yangu hayupo tena na karatasi hakuna. Muuguzi akasema wanaume wengi wanaofika kwake wako hivyo. Mwanamke anakutana na chanjo akizaa, mwanamume anakutana nayo akikanyaga msumari.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua: kutu si sumu. Mbegu za pepopunda zimo kwenye udongo, kwenye vumbi na kwenye kinyesi cha mbuzi na ng’ombe, na msumari mpya unaong’aa ukianguka pale unazibeba sawasawa na ule wenye kutu. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida unatokea kati ya siku ya 3 na ya 21, mara nyingi tundu limeshapona na mtu ameshalisahau. Unaanza taya kukaza, kinywa hakifunguki vizuri, shingo inakuwa ngumu, kumeza kunashinda, halafu misuli inajikaza yenyewe kwa maumivu makali. Ukifika hapo ni hospitali mara moja.

Kwa mtu aliyekamilisha sindano zake, kidonda kichafu kama changu kinadai nyingine ikiwa ya mwisho imepita miaka 5. Mimi nisiye na historia nilichomwa mbili, mahali tofauti: chanjo kwenye bega, na serumu kwenye paja. Chanjo inaufundisha mwili kujilinda, lakini somo hilo linachukua majuma. Serumu ni ulinzi uliokwisha kutengenezwa: inafanya kazi mara moja, halafu inaisha. Walinikalisha nusu saa wakiniangalia, maana serumu inaweza kumkataa mtu, kisha nikaenda nyumbani.

Siku ya pili na ya tatu maumivu yalipungua. Rafiki akanipa amoksisilini za duka la dawa, nikameza bila kumuuliza mtu, na hilo lilikuwa kosa langu. Usiku wa siku ya nne mguu ulianza kudunda kama moyo. Asubuhi ngozi kuzunguka tundu ilikuwa na joto na imevimba. Nilichukua biki nikachora mstari kwenye ukingo wa wekundu. Kufika jioni wekundu ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa kidole. Homa sikuwa nayo, mtoki haukuwepo, wala mstari mwekundu unaopanda mguuni. Lakini maumivu yaliyopungua kisha yakarudi yalinitosha.

Ndipo nikaitafuta ile soksi. Mke wangu alikuwa ameitupa kwenye ndoo ya nguo bila kuifua. Nikaiingiza mkono na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha: haikuwa imetobolewa tu, ilikuwa na duara dogo lililokosekana. Kwenye soli ya ndani ya kiatu pia sponji nyeusi ilikuwa imemeguka. Ikiwa kipande hakipo kwenye soksi wala kwenye kiatu, basi kimo mguuni.

Nilirudi na soksi na kiatu ndani ya mfuko. Daktari alipoviona hakuuliza mengi. Aliniganzisha, akafungua mdomo wa tundu kidogo, akaosha, akatoa kwa koleo uzi wa soksi na punje ya sponji nyeusi, imelowa usaha. Hakushona, aliacha wazi ili uchafu utoke. Nilimwuliza kuhusu picha ya eksirei. Akasema eksirei inaonyesha chuma, lakini kitambaa na sponji haionyeshi, na mfupa ulioshambuliwa unaweza kuchukua siku kumi au zaidi kabla haujabadilika kwenye picha. Kwa hiyo picha safi ya leo haimalizi neno.

Kuhusu amoksisilini alinieleza kwamba soli ya sponji yenye jasho ni makazi ya mdudu aitwaye sudomonasi, na dawa ile haimwezi. Mdudu huyo akifika kwenye mfupa au kwenye kiungo cha kidole, matibabu yanakuwa ya majuma mengi, pengine na upasuaji. Alinichagulia dawa nyingine na kuniamuru nirudi kila baada ya siku mbili. Akaongeza kwamba mwenye kisukari asisubiri hata siku moja, maana mguu wake unaweza kuoza bila yeye kusikia maumivu.

Nilikanyaga vizuri baada ya majuma matatu. Sindano ya pili ya chanjo nilichoma baada ya majuma manne, ya tatu baada ya miezi sita, na karatasi yangu sasa iko kwenye mfuko mmoja wa plastiki na ile ya mke wangu. Mbao zilizobaki za shemeji tuliziangalia moja moja. Kila msumari uling’olewa au ulipigwa ukalala kabla ubao haujawekwa chini.