Siku moja, barua moja: mwalimu wa Kiswahili na wazazi wa kidato cha tano

Saa 11:30 alfajiri. Naamka kabla simu haijalia, na sentensi ya jana usiku bado inanikera. Ninaandika barua kwa wazazi wa kidato cha tano kueleza kwa nini muhula huu tunasoma *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, na aya ya pili imegoma. Nabandika chai, nafungua daftari, naisoma kwa sauti: "Riwaya hii inaonya juu ya mmomonyoko wa maadili miongoni mwa vijana." Hakuna mzazi atakayeipinga. Shida ni kwamba kitabu hakisemi hivyo.

Saa 1. Daladala ya Nyegezi imejaa hadi mlangoni. Nimepata kiti cha dirishani, na sioni ziwa wala barabara, naona wasapu tu. Juzi baba mmoja alikikuta kitabu kitandani kwa binti yake, akafungua katikati, akapiga picha ukurasa mmoja na kuutuma kwenye kundi la wazazi. Maneno yake: "Hiki ndicho tunacholipia ada?" Kufikia usiku kundi zima lilikuwa linajadili ukurasa ule. Simlaumu sana. Ukurasa aliouchagua, ukiusoma peke yake, hata mimi ungenishtua.

Saa 3. Vipindi viwili mfululizo, wanafunzi 38. Leo tuko sura ya kwanza. Tupo Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Zakaria, mwalimu aliyeachishwa kazi kwa ulevi, anaikuta barua ambayo kijana aitwaye Charles amemwandikia binti yake Rosa. Anampiga. Namna Kezilahabi anavyoliandika tukio lile, kwa sentensi fupi zisizotoa pole kwa mtu, darasa huwa linanyamaza lenyewe.

Nachora mstari katikati ya ubao. Kushoto naandika "Alichotenda Rosa", kulia "Alichotendewa Rosa". Nawaambia wajaze kwa yale tu yaliyomo kwenye sura hii, hukumu zao waweke pembeni. Upande wa kulia unajaa, chaki inanikatikia mara mbili. Kushoto, baada ya dakika kumi, kuna maneno mawili: "Alipokea barua."

Kijana wa nyuma ananyosha mkono. "Mwalimu, lakini mbele huko si anakuja kuharibika?"

"Anakuja. Tutaendelea kujaza pande zote mbili hadi sura ya mwisho, halafu utaniambia kilianza kipi."

Hapo ndipo ugumu wa riwaya hii ulipo. Kiswahili chake ni chepesi, ukurasa unakwenda haraka, na msomaji mvivu anafika mwisho akiamini kwamba amesoma habari za msichana mhuni. Rosa anakuja sekondari hapa Mwanza, shule ya Rosary, akiwaogopa wavulana kwa sababu nyumbani alifungiwa hata kuongea nao. Uhuru unamkuta hajafundishwa namna ya kuutumia, na wanaume wenye vyeo wanajua hilo kabla yake. Mwandishi hakuambii nani wa kulaumiwa, inabidi uhesabu mwenyewe. Wanafunzi wangu wanajua kusimulia hadithi yoyote uwape. Kufuata jambo kutoka kwenye chanzo chake hadi mwisho ndiko kunakowashinda, na sijapata kitabu kinachowafunza hilo kuliko hiki.

Saa 5. Mkuu wa shule ana rasimu yangu na kalamu nyekundu. Ameshakata mambo mawili: neno "kutoa mimba" na neno "kujiua".

"Mwalimu, haya yote ya nini? Waandikie tu kinafundisha maadili mema."

"Mkuu, wana kitabu nyumbani. Tukiyaficha watayakuta wenyewe, na barua yetu haitaaminiwa hata pale inaposema kweli."

Ananyamaza. Namwonyesha pia mstari unaosema kwamba kitabu, kilichotoka mwaka 1971, kiliwahi kuzuiwa kusomwa shuleni. Huo ndio ulionipa mashaka zaidi, lakini mzazi mwenye simu ataujua kwa dakika moja. Heri ausikie kwetu. Mkuu anayarudisha maneno mawili kwa mkono wake, kisha anasema aya ya pili bado ni "ya kisiasa". Anaweza kuwa na haki.

Saa 8 mchana. Mama wa mwanafunzi mmoja yuko nje ya ofisi ya walimu. Anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na ametokea huko huko. Tunasalimiana, nampa kiti.

"Mwalimu, hii Namagondo ni yetu ya Ukerewe?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Mimi mtu wa Nansio. Basi nisomee kidogo."

Namsomea ukurasa wa kipigo. Hanikatizi. Nikimaliza anauliza jambo ambalo barua yangu haikuligusa kabisa: "Sasa kule mbele, kwenye mambo ya wanaume, binti yangu atasoma kwa sauti mbele ya wavulana?"

Namweleza tunavyofanya. Kurasa hizo hazisomwi kwa sauti. Kila mmoja anazisoma peke yake, maswali yanaandikwa kwenye vikaratasi visivyo na jina, nami navijibu darasani siku inayofuata. Mzazi asiyetaka, mwanawe anapewa riwaya nyingine na kukaa maktaba. Hapotezi alama, maana kitabu hiki tumekiongeza sisi, hakimo kwenye mtihani wa mwisho.

"Hilo liandike. Hilo ndilo watu wanataka kujua." Anafunga kanga vizuri. "Na baba yake akifika hapo kwenye kipigo atajua anasemwa yeye."

"Sasa niliondoe, mama?"

"Uliondoe kwa nini? Ajue."

Saa 10. Kusahihisha insha. Ziruke, nami ningeziruka kama ningeweza.

Saa 12 jioni. Steshenari ya karibu na stendi, kijana anachapa na mimi namsomea. Aya ya pili sasa iko hivi:

*"Riwaya inaanza na baba anayempiga binti yake kwa barua ambayo hakuiandika yeye. Baadaye binti huyo anafanya makosa makubwa: wanaume, kutoa mimba, na mwisho kujiua. Tunawaomba wanafunzi waonyeshe, kwa ushahidi wa kurasa, jinsi tukio la kwanza linavyohusiana na la mwisho. Swali hilo linatuhusu sisi wazazi na walimu kabla halijawahusu wao."*

Chini yake nimeweka utaratibu wa kurasa ngumu kama nilivyomweleza yule mama, halafu sehemu ya kukata na kurudisha: "Naridhia" na "Naomba riwaya nyingine", sahihi, tarehe. Nakala 38 kwa shilingi 100, jumla 3,800. Kijana wa mashine ameisoma yote wakati inachapwa, anauliza kitabu kinauzwa wapi.

Saa 3 usiku. Namtumia Mkuu picha ya barua. Anajibu baada ya chakula: "Ile sentensi ya kipigo umeiacha?"

"Nimeiacha, Mkuu."

Kimya kirefu. Naosha vyombo, narudi, nakuta ujumbe: "Basi chini usiandike 'Mwalimu wa Somo'. Andika jina lako kamili, na langu weka pembeni yake. Asubuhi nitagonga muhuri."

Nakala 38 ziko mezani, zote zimeandikwa "Mwalimu wa Somo". Natafuta kalamu.