Jezi nyekundu kuwa njano, na namba 8 ionekane

Jioni hii nimekuwa na picha moja tu: kiungo wa timu yetu ya mchangani, jezi nyekundu, namba 8 nyeupe mgongoni, chini yake nembo ya mdhamini kwa herufi nyeupe ndogo. Kitambaa kimelowa jasho kuanzia mabegani hadi kiunoni. Viongozi wanataka kuona jezi ya msimu ujao, ya njano, kabla hawajamlipa fundi, na wanataka kuiona mwilini mwa mchezaji.

Njia ya haraka ni kufungua GIMP, programu ya kuhariri picha, kuingia `Colors > Hue-Saturation` na kuzungusha rangi mpaka nyekundu iwe njano. Inafanya kazi kwa nusu dakika, kisha unaona shida. Njano ni rangi yenye mwanga mwingi kuliko nyekundu. Nyekundu ya jezi hii, kwa vipimo vya nyekundu, kijani na bluu, ni kama 190, 30, 35. Njano tunayoitaka ni 245, 205, 20, na inarudisha mwanga mara tano zaidi. Ukizungusha rangi peke yake, unapata kitambaa cha rangi ya matope, na kwenye mikunjo kinakuwa kijani cha zeituni.

Ninachokipenda katika kazi hii ni kwamba jawabu limo ndani ya picha yenyewe. Nenda `Colors > Components > Decompose`, chagua RGB, picha igawanyike katika tabaka tatu za kijivu. Itazame ya nyekundu: jezi inang'aa kana kwamba ilishonwa kwa kitambaa cheupe, mikunjo yote ipo, na namba 8 imefifia karibu kutoweka. Sasa itazame ya kijani: jezi imekuwa nyeusi tii na namba imesimama nyeupe, kingo zake zikiwa laini kama zilivyopigwa. Tabaka la kwanza linakupa kitambaa kitupu. La pili linakupa maski ya namba, yaani kiolezo kinachoamua rangi iguse wapi na isiguse wapi, bila kuchora hata mstari mmoja.

Kwa hiyo nilirudisha tabaka la nyekundu juu ya picha, nikalizuia lisitoke nje ya jezi kwa maski niliyoichora kwa mkono, maana ngozi na bukta nazo zinang'aa humo. Nikalipandisha kwa `Levels` hadi sehemu zenye jua zikaribie weupe, kisha nikaweka njano juu yake kwa hali ya `Multiply`, ambayo huacha vivuli vya chini vionekane ndani ya rangi. Hapo njano ilikubali. Ndani kabisa ya mikunjo niliongeza rangi ya machungwa kidogo, kwa sababu kitambaa cha njano kikijikunja kinajimulika chenyewe na kivuli chake huwa cha moto, si cha kijani.

Jasho lilihitaji subira. Kwenye tabaka la nyekundu doa la mgongoni lilikuwa limepungua sana, ukilinganisha na lile la kijani. Nilichanganya kidogo la kijani mahali hapo tu, kwa brashi pana, doa likarudi na ukingo wake usio sawa. Bila doa hilo jezi inaonekana imebandikwa juu ya mtu.

Kisha namba. Nyeupe juu ya nyekundu ile ina utofauti wa mwanga wa takriban 6 kwa 1. Nyeupe hiyohiyo juu ya njano hii inashuka hadi 1.5 kwa 1, yaani mwamuzi wa pembeni hataisoma. Haitoshi kuihifadhi namba, lazima ibadilike. Nilichukua maski ya tabaka la kijani, nikaijaza kijani kizito cha 15, 70, 40 kwa `Multiply` juu ya namba ya awali, utofauti ukapanda hadi 7 kwa 1. Sikutumia nyeusi tupu, kwani ingemeza ule mkunjo unaokata tumbo la chini la 8, na mkunjo huo ndio unaoonyesha kwamba namba imeshonewa kwenye kitambaa.

Nembo ya mdhamini ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote. Nikikaza `Levels` za maski kama nilivyofanya kwa namba, matundu ya herufi a na e yanaziba. Nikilegeza, mzunguko wa waridi unabaki kando ya kila herufi. Niliipa nembo maski yake, laini zaidi, nikaikagua kwa ukubwa wa 100% na tena kwa ukubwa wa picha ya simu. Kubandika nembo safi kutoka faili la mdhamini kungekuwa rahisi, lakini ingelala bapa juu ya mgongo uliojikunja.

Kumebaki wekundu uliomulikwa na jezi ya zamani chini ya kidevu na kwenye mikono. Huo nitaupunguza kesho asubuhi, macho yakiwa yamepumzika, halafu nitamtumia kapteni picha zote mbili, zikiwa na maandishi kwamba ya njano ni mfano na haikupigwa uwanjani.