Barua ya Kodi ya Fremu

Jumatatu ya tarehe 16 Julai 2018, saa tatu asubuhi, mpwa wa mwenye nyumba alipaki pikipiki mbele ya duka langu. Hakushuka. Akasema mjomba ametuma salamu, na kwamba kuanzia malipo ya Septemba kodi ya fremu ni laki sita kwa mwezi, "ukishindwa sema mapema, wateja wapo." Akawasha pikipiki akaondoka.

Nilikuwa nauza vifaa vya kushonea mjini Morogoro: nyuzi, zipu, vifungo, bitana na sindano za cherehani. Nilikuwa nalipa laki tatu na nusu kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, yaani milioni mbili na laki moja kila Machi na kila Septemba. Laki sita maana yake ni milioni tatu na laki sita kwa mkupuo mmoja. Ili upate hela hiyo uuze zipu ngapi? Nilijaribu kupiga hesabu nikaacha njiani.

Ukweli ni kwamba mwenye nyumba hakuota tu. Mwaka ule barabara yetu ilikuwa imewekwa lami, vumbi limepungua, na daladala zilikuwa zimeanza kushusha abiria karibu na mlango wangu. Watu walikuwa wanaulizia fremu pale karibu kila wiki. Lakini mimi nilikuwa na mkataba wa miaka mitatu, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na nilikuwa nimeusaini nikiwa na akili zangu.

Usiku ule niliandika barua ya kurasa tatu. Nilimweleza mwenye nyumba kwamba mume wangu hana kazi, kwamba watoto wawili wako sekondari, kwamba biashara ni ngumu, na kwamba Mungu anaona. Kwenye ukurasa wa tatu nilimwita dhalimu. Asubuhi nikaipeleka kwa jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, ili anisahihishie kabla sijaituma.

Aliisoma yote, akavua miwani. "Binti yangu, hapa kuna neno mkataba?"

Nikasema halipo.

"Basi umemwandikia barua ya kuomba sadaka. Mtu anaombwa, anakataa, mambo yameisha. Kalete mkataba."

Nilipouleta, kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa alama ya ushuru wa stempu. Tuliposaini, nilienda TRA nikalipa asilimia moja ya kodi ya mwaka, elfu arobaini na mbili, na wakati ule nililalamika sana. Karani akagonga ile alama kwa kidole. Akaniambia mkataba usiolipiwa ushuru unaweza kukataliwa usipokelewe kama ushahidi, na wapangaji wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika Baraza la Ardhi na Nyumba. Akaongeza kwamba zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, lakini ilifutwa mwaka 2005. "Siku hizi hakuna wa kukuambia kodi hii ni kubwa mno. Ulichosaini ndicho kinga yako. Tusome."

Kifungu cha nne kilisema hivi: kodi haitabadilika kwa miezi ishirini na minne ya mwanzo, baada ya hapo inaweza kupitiwa upya kwa makubaliano ya pande zote mbili, ongezeko lisizidi asilimia kumi, na anayetaka mabadiliko atoe taarifa ya maandishi siku tisini kabla. Nilikuwa nimekisoma siku ya kusaini, kisha nikakisahau kabisa. Karani akanifanya nihesabu kwa vidole: kuanzia Machi 2017, miezi ishirini na minne inaisha mwisho wa Februari 2019. Mpwa alikuja na pikipiki mwezi wa kumi na saba. Taarifa ilikuwa ya mdomo. Na kutoka laki tatu na nusu kwenda laki sita ni ongezeko la zaidi ya asilimia sabini.

Nikasema basi tuandike hayo, tumalize. Akatikisa kichwa. Alisema nikiandika hayo peke yake nitashinda mpaka Februari 2020, siku mkataba unaisha, na siku hiyo mwenye nyumba atanitoa bila kuvunja kifungu hata kimoja. "Mwambie hapana, halafu mpe kitu cha kushika."

Kitu chenyewe tulikitafuta siku mbili. Nilipita kwenye fremu za mtaa ule nikiuliza kodi, na kwa kuwa wenye maduka wanafahamiana, wengi waliniambia. Nilipima pia, maana fremu hazilingani. Yangu kwa mkataba ni mita tatu kwa nne, mita za mraba kumi na mbili. Ya kona, ya muuza vipuri, ni mita nne kwa tano na analipa laki tano: elfu ishirini na tano kwa mita moja ya mraba. Ya mwenye saluni ni sawa na yangu, ameingia Juni baada ya lami, analipa laki nne: elfu thelathini na tatu na ushee. Mimi nilikuwa kwenye elfu ishirini na tisa na kidogo. Laki sita ingenipandisha mpaka elfu hamsini, na mtaa mzima sikupata fremu hata moja ya bei hiyo.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Ilianza na tarehe ya mkataba, fremu yenyewe na ujumbe nilioletewa, siku na saa. Halafu kifungu cha nne nikakinakili neno kwa neno, bila kukieleza. Karani alisema ukianza kueleza kifungu, mtu atabishana na maelezo yako badala ya kifungu. Baada ya hapo ikaja sehemu hii, ambayo bado ninayo nakala yake:

"Kwa hiyo siwezi kukubali kodi ya shilingi 600,000. Kwa kipindi cha tarehe 1 Septemba 2018 hadi tarehe 28 Februari 2019 nitalipa shilingi 350,000 kwa mwezi kama tulivyokubaliana. Hata hivyo, natambua kuwa thamani ya eneo imepanda. Bila kuathiri haki zangu chini ya mkataba, napendekeza kodi iwe shilingi 385,000 kuanzia tarehe 1 Machi 2019, bila wewe kuhitaji kutoa taarifa nyingine, na mkataba uongezwe miaka miwili kuanzia tarehe 1 Machi 2020 kwa kodi ya shilingi 400,000."

Yale maneno "bila kuathiri haki zangu" mimi niliona ni mapambo ya kimahakama. Karani akayapigia mstari. Bila hayo, alisema, kesho atakwambia wewe mwenyewe umekubali kodi ibadilike, sasa kilichobaki ni kujadili kiasi tu. Laki tatu na themanini na tano ni ile asilimia kumi kamili ya mkataba. Laki nne ni ya saluni. Hakuna tarakimu niliyoitoa kichwani, na chini ya barua niliandika zile fremu mbili, ukubwa wake na kodi zake, bila majina ya wenyewe.

Watoto na ada zao hawakuwemo. Mageti niliyoweka kwa hela yangu nayo nilitaka kuyataja. Karani akakataa kwa sababu mkataba haukusema kama yatarudishwa, na kuyataja kungefungua mjadala mwingine.

Tuliprinti nakala mbili. Mpwa alikataa kusaini kwamba amepokea, akasema yeye si mwenye nyumba (ila kuleta ujumbe aliweza). Nikaenda na mwenyekiti wa serikali ya mtaa mpaka kwa mwenye nyumba mwenyewe. Tukaamkia, tukakaribishwa chai, barua ikawekwa mezani. Mzee hakuifungua mbele yetu, lakini alisaini nakala yangu na kuandika tarehe: 24 Julai.

Kisha kimya. Wiki tano. Nikasikia kwa watu kwamba mpwa anaizungusha ile fremu kwa wateja.

Hapo ndipo nilipotaka kukosea. Nilisema sitalipa Septemba mpaka anijibu. Karani mstaafu alinikemea, kwa mara ya kwanza. Mkataba huohuo ulisema kodi ikichelewa siku thelathini, mpangishaji anaweza kuusitisha. Mwenye nyumba angekuwa anasubiri hilo tu: angenyamaza, ningesusa, halafu ningekuwa mimi ndiye niliyevunja mkataba, na barua yangu nzuri isingenisaidia hata mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba. Septemba mosi ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa tarehe 31 Agosti nilikuwa benki. Namba ya akaunti yake ilikuwa kwenye mkataba. Nikaweka milioni moja, laki nane na elfu tisini, na laki mbili na elfu kumi nikaipeleka TRA kama kodi ya zuio, asilimia kumi ambayo mpangaji anakata kwenye pango kwa niaba ya mwenye nyumba. Nikatoa kopi ya hati ya benki na ya risiti ya TRA, nikaambatanisha na kibarua cha mistari minne kinachoonyesha kwamba jumla ni milioni mbili na laki moja. Mpwa alipokuja Jumatatu kudai "hela imepungua," nilimkabidhi bahasha.

Mwenye nyumba mwenyewe alikuja Alhamisi. Alikuja kwa miguu, na mkononi ana futikamba. Nikamwamkia, akaitikia, akaniomba nishike ncha moja. Tukapima upana: mita tatu. Tukasogeza mabunda ya bitana, tukapima urefu. Mita tatu na sentimita tisini na nne.

"Umeandika mita nne," akasema.

"Mkataba ndio ulioandika, mzee."

"Kwa hiyo hizo sentimita sita nazo utanidai?"

Nikamwambia nimemsamehe. Akacheka, akavuta kiti akaketi. Akataka laki nne na ishirini kuanzia Machi. Nikamwonyesha kifungu. Akataka basi laki nne ianze Machi 2019 badala ya 2020. Nikamwonyesha tena kifungu, nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikonishinda kuliko yote. Mwisho akasema andika hiyo ya kwako, lakini ile miaka miwili ikiisha tunaanza upya, asiniletee mtu asilimia kumi tena. Nikakubali. Nyongeza ya mkataba tuliisaini wiki iliyofuata mbele ya wakili, kila mmoja akalipa nusu.

Kabla hajaondoka siku ile alichagua zipu nyeusi ya suruali, akaulizia bei. Nikasema mia tano. Akaigeuzageuza, akasema mwezi uliopita ilikuwa mia nne.