Vile nilirekodi voisova kwa nyumba, saa tisa usiku

Nilipewa voisova, yaani kusoma maneno ya kuwekwa juu ya video ya dakika mbili, ya wafugaji wa kuku, na mimi naishi Umoja kwa ploti yenye chini kuna kinyozi na subufa yake. Pesa ya studio sina. Nikachukua blanketi zangu tatu nikafunika dirisha na mlango, nikarekodi saa mbili usiku, kusikiza na iafoni, weuh, subufa iko, honi za mathree ziko, na bado sauti yangu inalia kama niko ndani ya tangi la maji.

Kumbe blanketi haizuii kelele ya nje, hasa besi, hiyo inapita tu. Kazi yake ni kumeza sauti yako mwenyewe isigonge ukuta ikarudi kwa maiki. Nikazitoa dirishani nikafunga kamba ya nguo, moja nikaikunja mara mbili ikaning'inia nyuma ya mgongo wangu, maana maiki ikiniangalia mimi inaangalia pia ule ukuta wa nyuma, zingine mbili kando, na mbele kabati wazi limejaa nguo. Nikapiga kofi, na ule mlio wa bati uliokuwa unarudi ukawa umeisha.

Sasa kelele, dawa yake ni saa. Kwetu ni saa tisa usiku hadi kama saa kumi, kabla ya adhana. Nikachomoa friji, funguo za nyumba nikaziweka humo ndani ndio nisisahau kuirudisha. Simu nikaitoa netiweki, nikaisimamisha kichwa chini juu ya vitabu, maiki iko pale karibu na tundu la chaji, shibiri moja kutoka mdomoni lakini kando kidogo, la sivyo kila "p" inapuliza puf.

Sentensi za skripti, 22, nilikuwa nimezipa namba. Nataja namba ndio nasoma, nikikosea sisimamishi, napiga kofi, nanyamaza, narudia sentensi yote. Kwa Audacity, ile programu ya kukata sauti kwa kompyuta, kofi linaonekana kama mwiba, unajua teki nzuri ni ile ya baada yake. Mwisho nikarekodi sekunde 30 za kimya cha chumba, ndio nijazie mahali nimekata, juu ukiacha tupu kabisa sikio linashtuka.

Kuunganisha, ikatoka dakika 2 na sekunde 19. Skripti ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza na Kiswahili kimerefuka. Kuharakisha nilijaribu nikasikika kama makanga. Namba 9 ilisema "Ni muhimu kuhakikisha kwamba vyombo vya maji vinasafishwa kila siku" na picha yake ni sekunde 3 tu, nikamwomba mwenye kazi tuseme "Osha vyombo vya maji kila siku", akakubali, na zingine sita hivyo hivyo. Nikazirekodi mchana. Kosa! Sauti ya mchana ni nyembamba, na sikuwa nimepima shibiri, zikasikika kama za mtu mwingine. Ikabidi nirudi saa tisa tena, friji nikachomoa tena, na asubuhi nikachelewa kazi nikitafuta funguo.