Dawa ya kideri haipo: siku yangu moja na video inayotafutika

Saa 1 asubuhi

Natengeneza video fupi za maduka hapa Morogoro. Leo ni zamu ya duka la dawa za mifugo, na mada ni kideri, ugonjwa unaoua kuku. Kabla ya kamera nashika simu, naingia TikTok, na kwenye kisanduku cha kutafutia naandika "kuku", naacha nafasi, nasubiri programu inimalizie. Kisha "kuku a", "kuku k", "dawa ya kuku". Halafu narudia hayo hayo YouTube.

Sitafuti jina la ugonjwa, natafuta kilio cha mfugaji. Mtu aliyeamka akakuta kuku wake wamejikunyata hajui kama ni kideri. Anaandika anachokiona: kuku kuharisha kijani, kuku kupinda shingo, kuku kuzubaa. Anayelijua jina anaandika "dawa ya kideri", na wengine wanauita mdondo. Daftarini naweka neno kuu moja, "dawa ya kideri", na wasaidizi wawili: "kuku kuharisha kijani" na "chanjo ya kideri". Video ya dakika moja haibebi zaidi ya hapo bila kuanza kusikika kama tangazo la mnada.

Wateja wangu wengi hudhani maneno haya yanakaa kwenye maelezo ya chini tu. Yalikaa huko zamani. YouTube wenyewe wanaeleza kwamba mtu akitafuta, wanaangalia jinsi kichwa, lebo, maelezo na maudhui ya video yenyewe yanavyolingana na alichoandika. Facebook walitangaza mwaka 2018 mfumo wao uitwao Rosetta, unaosoma maandishi yaliyo ndani ya picha na fremu za video za Facebook na Instagram, zaidi ya bilioni moja kwa siku. Sauti nayo hugeuzwa kuwa maandishi, ndiyo maana video nyingi hujiandikia maneno chini zenyewe. Kwa hiyo neno nalipeleka mahali patatu: mdomoni, kwenye skrini na kwenye kichwa cha video.

Saa 3 asubuhi

Nimefika dukani. Anayezungumza kwenye video ni mzee wetu, mtaalamu wa mifugo mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita dokta.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba kijana. Umeniletea nini leo?"

Nampa karatasi. Anasoma mstari wa kwanza, anavua miwani.

"Dawa ya kideri? Mimi siwezi kusema hivyo mbele za watu. Kideri ni kirusi, hakina dawa. Wataniona tapeli."

Hapa ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu kuliko kupanga taa. Watu wanatafuta "dawa ya kideri", na dawa hiyo haipo. Tukilikwepa neno, mfugaji hatufikii, anamfikia muuza vidonge vya kubahatisha. Tukilisema kama ahadi, tumedanganya. Nikamwambia dokta, neno hilo halihitaji kusemwa kwa kukubali, hata kwenye kukanusha linasikika vilevile. Sema "dawa ya kideri haipo". Akacheka, akavaa miwani.

Tatizo la pili lilikuwa kwenye skripti aliyokuwa ameiandika yeye. Ilianza hivi: "Habari zenu wafugaji, karibuni tena dukani kwetu, leo tutazungumzia ugonjwa hatari sana unaoua kuku wengi." Salamu nzuri, lakini sekunde zimekwisha na ugonjwa bado haujatajwa. Baada ya kutajwa mara moja, ukageuka viambishi: unaenea haraka, dalili zake ni hizi, chanjo yake inapatikana. Kiswahili chetu ndivyo kilivyo, ukishataja jina mara moja, "u" na "yake" vinabeba mzigo wote, na msikilizaji hapotei hata kidogo. Ila maandishi yatakayotolewa kwenye sauti hiyo yatakuwa na "yake" nyingi na kideri moja tu. Sikugusa zote, maana kurudia jina kila sentensi kunachosha. Nilibadilisha mahali ambapo mtu angeweza kutafuta kwa maneno hayo hayo: "chanjo yake" ikawa "chanjo ya kideri".

Tulipomaliza, mwanzo ukawa huu:

"Kuku wako anaharisha kijani na anazubaa? Unatafuta dawa ya kideri? Dawa ya kideri haipo, mfugaji. Kideri huletwa na kirusi. Kilichopo ni chanjo ya kideri: tone moja jichoni, kwa kuku asiyeumwa, na unarudia kila baada ya miezi mitatu."

Dokta aliongeza kwamba anazungumzia chanjo ya matone inayostahimili joto, ile ya I-2, kwa kuku wa kienyeji. Tukaliingiza hilo kwenye sentensi inayofuata. Salamu tukaihamishia mwisho, na dokta hakuipenda hatua hiyo.

Saa 5 asubuhi

Tunarekodi. Nje bodaboda, ndani feni, na kwenye boksi chini ya kaunta vifaranga wanalia. Feni nimeizima, vifaranga nimewapeleka stoo, bodaboda sina mamlaka nazo. Maiki ndogo nimeibana kwenye kola ya dokta, karibu na kidevu.

Baada ya kurekodi mara ya kwanza nafanya jaribio ambalo wenzangu wengi hulipuuza. Nafungua ukurasa mtupu wa kuandikia kwenye simu ya pili, kibodi ya Gboard nimeiwekea Kiswahili, nabonyeza alama ya maiki, halafu nacheza sauti ya dokta pembeni yake. Google waliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017, na kwa kazi hii ni sikio zuri la bure. Si sikio la TikTok wala la YouTube, ila neno likilishinda hili, nina sababu ya kuhofia mengine.

Ikaandika "dawa ya kidari".

Kisa chenyewe: dokta anazungumza haraka, na "de" yake inamezwa katikati. Kidari ni neno la kawaida kabisa, kwa hiyo mashine ikichanganyikiwa inakimbilia lile inalolikuta mara nyingi. Dawa yake si kupiga kelele. Nilimwomba afanye mambo mawili: apumue kidogo kabla ya neno, na mara ya kwanza anapolitaja alizungushie majirani, "ugonjwa wa kideri kwa kuku". Likiwa katikati ya ugonjwa na kuku, mashine ina cha kushikilia. Mara ya pili ikaandika kideri, na mstari uliofuata pia.

Saa 8 mchana

Wali maharage, halafu kuhariri video kwenye CapCut.

Maandishi ya skrini kwangu yana kazi tofauti na mdomo. Mdomo unasema kama watu wanavyoongea: "anaharisha". Skrini inaandika kama watu wanavyotafuta: KUKU KUHARISHA KIJANI. Hivyo umbo moja linasikika na lingine linasomeka, katika sekunde zile zile. Dokta anapotamka "dawa ya kideri haipo", juu yake inatokea: DAWA YA KIDERI / MDONDO? HAIPO. Neno mdondo hakulitamka popote, skrini imelibeba.

Mwenye duka alikuwa ameniomba herufi za kuremba, zile za kadi za harusi, rangi ya njano kwa sababu ndiyo rangi ya duka. Nilimwekea kama alivyotaka juu ya picha ya vifaranga, ambao nao ni wa njano. Nikapiga picha ya skrini, nikaifungua kwenye Google Lens, nikaiambia ichague maandishi. Ilipata vipande vya herufi tu, na neno kideri halikuwemo. Nilimwonyesha simu bila maneno mengi. Akasema, "Basi weka unavyojua wewe, bosi." Tukaenda na herufi nene za kawaida, nyeupe, zenye ukingo mweusi. Njano ikabaki kwenye nembo.

Mambo mengine nayaangalia kwa macho tu. Maandishi yasiingie chini kabisa, ambako jina la akaunti na maelezo hukaa, wala ukingoni kulia kwenye vitufe vya kupenda na kushiriki. Yakae yametulia sekunde tatu hivi, maana herufi zinazoingia moja moja kwa kuruka huwa neno kamili kwa muda mfupi mno. Muziki nao nausukuma chini kabisa dokta anapoongea. Ngoma ikiwa juu, jaribio la saa 5 halina maana.

Saa 10 jioni

Kupakia. Kichwa: "Dawa ya kideri haipo, kuna chanjo ya kideri". Maelezo ni sentensi mbili zenye kuharisha kijani na mdondo ndani yake. Nikaishia hapo, maana kujaza maelezo orodha ya maneno matupu ni jambo ambalo YouTube wanalikataza wazi.

Kwenye YouTube naweka lugha ya video kuwa Kiswahili, na maandishi ya chini napakia mwenyewe, sitegemei mashine. Ni faili la maandishi tu, linaloishia na .srt:

```
1
00:00:00,000 --> 00:00:03,200
Kuku wako anaharisha kijani na anazubaa?

2
00:00:03,200 --> 00:00:07,000
Unatafuta dawa ya kideri? Dawa ya kideri haipo, mfugaji.
```

Dakika zinazoliwa na faili hili ni chache kwa kuwa skripti ninayo tayari. Na dokta anapomeza silabi, hapa silabi inarudi. Naandika alichosema tu. Kuna wanaochomeka humo maneno ambayo hayakutamkwa. Kwa asiyesikia anayetegemea maandishi hayo, huo ni uongo.

Saa 12 jioni

Chai, na takwimu za video ya zamani ya duka hilo hilo, iliyohusu minyoo. Namba ya watazamaji naipita. Kwenye takwimu za YouTube naingia sehemu inayoonyesha watazamaji walikotoka, nabonyeza "YouTube search", nasoma maneno ambayo watu waliandika mpaka wakaifikia. Nikikuta "dawa ya minyoo ya kuku", video imesomwa vizuri. Nikikuta maneno yasiyohusiana kabisa, narudi kusikiliza sauti na kutazama fremu. Na kama maneno ni sahihi lakini watu wanaondoka sekunde za mwanzo, basi kosa si la maneno: wamekuja na swali, tukawapa hadithi.

Mwenye duka amepiga simu kuuliza mbona ya leo haijalipuka. Nimemwambia video ya kutafutwa hailipuki, mdondo ukiingia kijijini ndipo itaitwa.

Maoni ya kwanza yameingia, mtu anauliza: "Naruhusiwa kuchanja kuku ambaye ameshaanza kuumwa?" Nimemtumia dokta, amejibu kwa sauti: hapana, wanachanjwa wazima, anayeumwa atengwe. Nimefungua ukurasa mpya daftarini na swali nimelinakili kama lilivyoandikwa. "Kuchanja kuku anayeumwa" ndilo neno kuu la kesho.