Shilingi milioni 240 na tarehe 12 Septemba

Mwanzoni mwa 2018 nilikuwa Dar es Salaam nikifunga hesabu za mwaka 2017 za kampuni ndogo ya programu za kompyuta. Mwaka mzima walikuwa wakitengeneza programu ya kuuzia SACCOS za vijijini, ya kupokea marejesho ya mikopo kwa simu hata pale mtandao unapokatika. Kila senti iliyohusu kazi hiyo ilikuwa imeingizwa kwenye akaunti moja iliyoitwa "Mradi", na salio lake lilikuwa shilingi milioni 240. Mkurugenzi alitaka milioni hizo zote ziingie kwenye mizania kama mali isiyoshikika. Kwa njia hiyo zisingehesabiwa kama gharama za mwaka, kampuni ingeonyesha faida ya milioni 130, na hesabu hizo alikusudia kuzipeleka benki.

"Kijana wangu," aliniambia, "programu si hii hapa mezani? Imetokana na pesa hizo hizo. Sasa iweje isiwe mali?"

Hoja yake ina uzito, na ndiyo maana IAS 38, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali zisizoshikika, hakikatai moja kwa moja. Kinachouliza ni pesa zilitumika lini, na wakati huo kampuni ilikuwa na uhakika gani. Kwa hiyo sikuanza na vocha. Nilimwomba kiongozi wa watengenezaji programu anisimulie mwaka wao mwezi kwa mwezi, nami nikawa naandika tarehe pembeni.

Januari hadi Aprili walikuwa wanatafuta. Walizunguka kwenye SACCOS kujifunza jinsi makarani wanavyopokea pesa, wakalinganisha njia tatu za kuhifadhi miamala kwenye simu hadi mtandao urudi, wasijue ipi itafaa au kama kuna itakayofaa hata moja. Huo ni utafiti. Milioni 62 za miezi hiyo ni gharama za mwaka, na hakuna ushahidi unaoweza kuzigeuza, kwa sababu katika hatua ya utafiti bado hakuna kitu mahususi ambacho kampuni inaweza kuonyesha kwamba kitaleta manufaa.

Mei walichagua njia moja wakaanza kuijenga. Hapo utafiti uliisha, uendelezaji ukaanza. Wengi hudhani kuanzia siku hiyo kila kitu ni mali. Sivyo. Aya ya 57 inataka mambo sita yathibitike, na yote kwa pamoja: kwamba kitu kinaweza kukamilishwa kitaalamu, kwamba kampuni imekusudia kukikamilisha, kwamba itaweza kukitumia au kukiuza, kwamba inajulikana kitaletaje manufaa, kwamba fedha na wataalamu wa kumalizia wapo, na kwamba gharama zake zinapimika bila kubahatisha. Likikosekana moja, gharama za uendelezaji nazo huenda kwenye faida na hasara.

Nikaanza kutafuta tarehe ya kila sharti. La kwanza lilikuwa gumu kuliko yote. Programu ilikuwa na tatizo moja sugu: simu ikishatuma malipo, mtandao ukakatika kabla ya seva kujibu, simu ilituma tena, na mwanachama akaonekana amelipa mara mbili. Programu ya mikopo yenye kasoro hiyo haiuziki. Dawa waliyoipata ni kuupa kila muamala namba yake ya kipekee palepale kwenye simu, ili seva ikiiona namba ileile mara ya pili iukatae. Ripoti ya majaribio ya tarehe 31 Julai ilionyesha simu zikizimwa katikati ya kutuma na marudio yote yakikataliwa. Karatasi hiyo yenye tarehe na saini ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu. Neno la mtu kwamba "ilikuwa inafanya kazi tangu Juni" lisingemtosha mkaguzi.

Nia ilikuwa kwenye muhtasari wa bodi wa Agosti ulioidhinisha mradi ukamilishwe. Uwezo wa kuuza na manufaa yatakayopatikana vilionekana kwenye barua za SACCOS mbili zilizokubali bei ya mwaka, barua nazo za Agosti. Gharama zilipimika kwa sababu watengenezaji walijaza karatasi za saa kila wiki. Lililobaki ni fedha. Hadi mwisho wa Agosti akaunti ya kampuni isingefikisha kazi Desemba. Wanahisa walitia saini kuongeza mtaji tarehe 12 Septemba, na siku hiyo ndipo sharti la mwisho lilipotimia.

Milioni 54 zilizotumika tangu Mei hadi siku iliyotangulia zikabaki gharama za mwaka. Mkurugenzi aliuliza kama tungeweza kuzirudisha, maadamu sasa mradi umethibitika. Aya ya 71 inalifunga hilo: kilichokwisha kutambuliwa kama gharama hakirudi kuwa sehemu ya mali. Hili huwauma wengi, lakini bila kufuli hilo kila mradi uliofanikiwa ungeandikiwa historia upya.

Zikabaki milioni 124 za baada ya tarehe 12. Nazo si zote. Nilitoa milioni 8 za kuwafundisha makarani wa SACCOS, milioni 10 za vipeperushi na matangazo, na milioni 8 za kodi ya ofisi na mshahara wa mkurugenzi, kwa kuwa hizo zingelipwa hata kama mradi usingekuwepo. Mishahara ya watengenezaji, pamoja na michango ya mwajiri NSSF, ilikuwa milioni 78. Nilipopitia karatasi za saa nikakuta kazi yenye thamani ya milioni 14 ilikuwa ya kurekebisha programu za wateja wa zamani. Hapo ndipo hesabu za namna hii huharibika mara nyingi: mshahara mzima wa mtu hubebeshwa mradi kwa sababu jina lake lipo kwenye mradi. Ikabaki milioni 64 za mishahara, milioni 9 za kukodi seva ya majaribio na milioni 11 za wataalamu wa nje waliopima usalama.

Mali ikawa milioni 84. Zile nyingine 156 zikaingia kwenye faida na hasara, na faida ya milioni 130 ikageuka hasara ya milioni 26. Mkurugenzi aliitazama karatasi kwa muda. "Hizo 116 za utafiti na uendelezaji," akasema, "ziandike wazi, benki waone pesa ilikwenda wapi." Hilo lilikuwa lazima hata asingeomba, kiwango kinataka jumla yake ielezwe kwenye maelezo ya hesabu, nami naamini mkopeshaji makini hujifunza zaidi hapo kuliko kwenye mali iliyovimbishwa.

Kwa kuwa programu haikuwa tayari Desemba 31, hatukuanza kuigawa gharama yake kwa miaka ya matumizi. Badala yake tulilazimika kupima kama milioni 84 zingerudi, ingawa hapakuwa na dalili yoyote ya kushuka thamani. Mali ambayo bado haijawa tayari kutumika hupimwa kila mwaka. Tulitumia makadirio ya mapato ya wateja walioandika barua tu, tukaondoa gharama za kumalizia kazi, na thamani ikatosha.

Januari na Februari zikaongezeka milioni 36 zilizokidhi masharti. Tarehe 1 Machi 2018 programu ikawa tayari, kwa gharama ya milioni 120 na makadirio ya miaka mitano ya matumizi. Kuanzia mwezi huo milioni 2 zilishuka kila mwezi kwenda kwenye gharama, na mwaka huo ukafungwa kwa milioni 20.